Umbo Jeusi na Ukingo wa Nuru: Kuagiza Picha ya Macheo kwa Akili Mnemba

Picha ya mtu aliyesimama mbele ya jua la macheo hujengwa kwa viwango vitatu vya mwanga. Cha chini kabisa ni weusi wa mwili. Cha kati ni anga lililo nyuma ya mwili huo. Cha juu ni mstari mwembamba wa nuru unaoambaa begani, shingoni na kwenye nywele, ule unaolifanya umbo jeusi lionekane kuwa la kiumbe hai badala ya karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mpangilio huo ukivurugika, picha huharibika kwa namna moja kati ya mbili: ama mwili hupata mwanga wa mbele na weusi wake kupotea, ama mstari wa nuru humezwa na anga na kubaki doa jeusi lisilojulikana ni la nini.

Programu za akili mnemba zinazotengeneza picha kutokana na maandishi, kama vile Midjourney, Stable Diffusion na Flux, huuvuruga mpangilio huo mara kwa mara. Hazifanyi hivyo kwa kutojua macheo. Zimelishwa picha za macheo kwa wingi usiosemeka. Tatizo kubwa liko katika maagizo yenyewe. Mtu huandika maneno mawili au matatu ambayo kwa macho yake yanapatana, lakini katika mwanga halisi yanagombana, na programu hulazimika kuchagua upande.

Ugomvi wenyewe hueleweka kwa kuangalia kinachotokea kwenye kamera. Jua likiwa nyuma ya mtu, upande wake unaoikabili kamera haupati mwanga wa moja kwa moja. Hupata tu mabaki yanayorudishwa na mchanga, maji na sehemu nyingine ya anga. Anga la nyuma huwa na mwanga mara nyingi zaidi ya upande huo. Kamera haiwezi kuvipokea vyote viwili sawasawa, kwa hiyo mpigapicha anayetaka umbo jeusi hupima mwanga wa anga na kuuacha mwili uzame gizani. Weusi huo si rangi ya kitu. Ni uamuzi wa kamera.

Mstari wa nuru nao una chanzo chake. Mwanga unaotoka nyuma hupita ukiparaza kingo za mwili, na mwanga unaoparaza uso wa kitu kwa pembe nyembamba hurudishwa kwa nguvu kuliko ule unaougonga wima. Zaidi ya hapo, nywele, malaika za mkono na nyuzi za nguo huupenyeza mwanga na kuutawanya kuelekea mbele, ndiyo maana kofia ya sufi au kitambaa chepesi hung'aa pembeni kuliko ngozi kavu. Ngozi yenye jasho au maji ya bahari hutoa mstari mwembamba lakini mkali. Jua likiwa nyuma kabisa ya mtu, mstari huzunguka umbo zima ukiwa mwembamba mno. Likisogea kidogo kando, mstari hubaki upande mmoja tu na kuwa mnene zaidi.

Sasa ndipo yanapokutana mahitaji mawili yasiyopatana. Umbo jeusi linahitaji mandhari ya nyuma yaliyo angavu, kwa sababu bila hivyo weusi hauna cha kuutenga. Ukingo wa nuru unahitaji mandhari yaliyofifia, kwa sababu mstari mweupe juu ya anga jeupe hauonekani. Karibu na jua, mahali ambapo anga linawaka kuliko kwingine kote, ukingo hufa hata kama upo. Anayeagiza kwa pamoja jua kubwa nyuma ya kichwa na ukingo unaong'aa ameagiza visivyoweza kukaa mahali pamoja. Programu hulimaliza shauri hilo kwa kuchora mstari wa rangi ya chungwa kuzunguka mwili mzima, mnene kila mahali kwa kipimo kimoja, kama taa ya tangazo la duka. Kuongeza neno la kung'aa kwenye agizo, jambo ambalo wengi hukimbilia kulifanya, huzidisha tu unene wa mstari huo.

Dawa ni kuyagawa mandhari. Sehemu ya umbo inayotakiwa kuwa na ukingo wa nuru iwekewe nyuma yake kitu cha mwanga wa wastani, kama wingu la kijivu, kilima cha mbali chenye ukungu au bahari iliyo kivulini. Sehemu inayotakiwa kusomeka kwa weusi mtupu iwekewe nyuma yake mng'ao. Jua lenyewe litolewe nje ya fremu au lifichwe na wingu jembamba. Kwa kipimo cha picha za kompyuta, ambacho huanza na 0 kwa weusi kamili na kuishia 255 kwa weupe kamili, mwili ukiwa kwenye 15 hadi 30, wingu la nyuma kwenye 90 hadi 130, na ukingo ukapita 230, jicho huvitenga vyote vitatu bila shida. Hizi si sheria, ni vipimo vya kuanzia.

Kabla ya kuandika agizo, inafaa kujua maneno ya kawaida yamefundishwa nini. Programu hizi zilijifunza kwa kulinganisha picha na maelezo yaliyoambatana nazo mtandaoni, mengi yakiwa ya Kiingereza, ndiyo maana maagizo ya Kiingereza bado hutii vizuri zaidi. Neno `silhouette` limeambatana na picha halisi, lakini pia na michoro mingi bapa ya kuuzwa, ile ya umbo jeusi juu ya karatasi nyeupe. Likiachwa peke yake huvuta matokeo huko. `Rim light` hutoka zaidi kwenye picha za studio na michoro ya michezo ya kompyuta, kwa hiyo huleta taa mbili, moja ya bluu na nyingine ya chungwa. `Glowing` huleta umeme. `Golden hour` limeshikamana na picha za harusi na mitindo, na picha hizo karibu zote huonyesha uso. Ndipo mtu hushangaa kuona uso wa mvuvi umepakwa mwanga wa dhahabu ilhali jua liko mgongoni kwake. Kuhusu `sunrise`, programu hailitofautishi na `sunset` kwa uhakika wowote, na haistahili kulaumiwa sana, kwani hata binadamu akipewa picha moja tu ya jua kwenye upeo hawezi kuapa kama linachomoza au linazama. Kinachosaidia ni rangi na hewa: manjano iliyopauka na waridi badala ya nyekundu nzito, ukungu mwembamba, maji yaliyotulia.

Njia iliyo salama zaidi ni kutaja sababu badala ya matokeo. Badala ya kuagiza mng'ao, agizo liseme jua liko wapi, kamera imepimwa kwa kitu gani, na mwanga unagusa ukingo upi wa mwili. Programu ikishapewa sababu, matokeo huelekea kulingana.

Kusomeka kwa umbo ni suala jingine, na halitegemei mwanga hata kidogo. Lotte Reiniger, msanii wa Kijerumani aliyetengeneza filamu ndefu ya maumbo meusi yaliyokatwa kwa mkono, iliyotoka mwaka 1926 na kumhusu mwana wa mfalme Achmed, aliwaonyesha wahusika wake kwa upande karibu muda wote. Sababu ni dhahiri kwa kila aliyewahi kuona kivuli ukutani. Mtu akitazamwa kwa mbele, pua, midomo na kidevu hupotea ndani ya weusi, na mikono iliyolala kiwiliwilini huungana nacho. Akitazamwa kwa upande, uso wote huandikwa kwenye mstari wa nje. Kwa hiyo agizo lidai mtazamo wa upande, na lidai uwazi: nafasi ya anga kati ya mkono na kiwiliwili, kati ya mguu mmoja na mwingine, kati ya kichwa na mzigo. Uwazi huo hulisomesha umbo kuliko kuongeza vitu vya kina, kwa maana ndani ya weusi hakuna kina kitakachoonekana.

Jambo la pili katika kusomeka ni mstari wa upeo. Kwenye ufuko tambarare, upeo wa bahari hupita kwenye umbo palepale penye kimo cha kamera. Kamera ikishikwa usawa wa macho ya mpigapicha aliyesimama, upeo humkata mhusika shingoni au usoni, na mstari huo unaoingia sikioni na kutokea puani huvuruga umbo lote. Kamera ikishushwa hadi usawa wa magoti, upeo hupita magotini, na kiwiliwili chote huinuka juu ya anga. Programu huzielewa sentensi za namna hii vizuri kiasi, hasa zikitaja kimo cha kamera na mahali pa upeo kwa pamoja.

Mfano mmoja ukifuatwa kuanzia mwanzo utaonyesha jinsi mambo haya yanavyoshikana. Picha inayotakiwa ni ya mvuvi wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, akitembea ufukweni na dema begani. Mahali hapo panafaa kwa sababu ufuko unatazama mashariki, na jua hutoka baharini. Dema nalo linafaa kwa sababu lina pembe na limesukwa kwa matundu, hivyo nuru hupenya ndani yake. Mtu asiye na maandalizi angeandika hivi:

```
silhouette of a fisherman at sunrise, glowing rim light, beautiful
```

Agizo hili huelekea kuleta mtu aliyesimama ameikabili kamera, au ameipa mgongo, fimbo ya kuvulia mkononi, jua kubwa nyuma ya kichwa chake na mstari wa chungwa mwili mzima. Hakuna lililokosewa kisarufi. Lakini agizo halikusema mkao, halikusema jua liko upande gani, na halikusema nyuma ya mabega kuna nini, kwa hiyo programu imejaza yenyewe kwa yale iliyoyaona mara nyingi zaidi.

Agizo la pili huanza na umbo, kisha mkao, kisha kamera. Neno la dema halitumiki, kwani halijaenea vya kutosha katika maelezo ya picha ambayo programu ilijifunzia. Umbo lake huelezwa kwa maneno mepesi.

```
Photograph of a fisherman walking along a wet beach,
full side profile facing right, legs apart in mid-stride.
He carries a large hexagonal woven fish trap on his back shoulder,
a clear gap of sky between the trap and his head.
Low camera at knee height, the sea horizon at his knees.
```

Mvuvi ameelekezwa kulia kwa makusudi, kwa kuwa jua litawekwa kulia. Ukingo wa nuru hutokea upande wa jua, na upande huo sasa ndio wa paji la uso, pua, kidevu na kifua, yaani sehemu inayomtambulisha. Angeelekezwa kushoto, nuru ingeambaa kisogoni na mgongoni. Hilo nalo huweza kupendeza, ila uso ungebaki kutegemea anga peke yake. Sehemu ya pili ya agizo hushughulikia mwanga:

```
The low sun is outside the frame on the right, behind him.
A bank of blue-grey cloud behind his head and chest,
pale yellow light on the wet sand behind his legs.
Exposed for the sky: his body is almost black.
A thin line of pale gold on the right edge of his face,
chest and arm, and light through the weave of the trap.
```

Hapa kazi imegawanywa. Kichwa na kifua vimewekewa wingu la kijivu, kwa hiyo mstari wa nuru una mahali pa kuonekana. Miguu imewekewa mchanga uliolowa unaong'aa, kwa hiyo inasomeka kwa weusi mtupu bila kuhitaji ukingo wowote. Mpangilio wa maneno nao una uzito. Matoleo ya awali ya Stable Diffusion hupokea vipande vya maneno 75 kwa mkupuo mmoja, na yanayozidi ama hukatwa ama hupelekwa kwenye fungu la pili lenye nguvu ndogo, kwa hiyo umbo na mkao vitangulie na mapambo yafuate. Programu mpya zaidi husoma maandishi marefu bila taabu hiyo.

Kukanusha ndani ya agizo hakusaidii. Ukiandikwa usemi kama `no face detail`, programu nyingi hushika neno la uso na kuliacha neno la kukataa, kisha uso hujitokeza. Mambo ya kuondolewa huwekwa kwenye sehemu yake: katika Midjourney hutanguliwa na `--no`, na katika Stable Diffusion kuna kisanduku cha pekee cha maagizo hasi. Maneno yanayofaa kwenda huko kwa picha hii ni machache:

```
--no neon outline, halo, front light, lens flare, clip art
```

Pale ambapo programu haina sehemu hiyo, hubaki kusema kwa njia ya kukubali, kwamba uso umo ndani ya kivuli kizito.

Picha ikishatoka, ukaguzi huanza kwenye kivuli. Jua lililo nyuma ya mtu hutupa kivuli chake kuelekea kwa mtazamaji, na likiwa kulia, kivuli hulalia kushoto. Urefu wake pia husema kweli au uongo. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, hivyo dakika 20 hivi baada ya kuchomoza huwa limefika nyuzi 5. Kwa kimo hicho kivuli huwa na urefu wa mara 11 ya mwenye kivuli, yaani kama mita 19 kwa mtu wa mita 1.7. Kivuli kifupi miguuni pamoja na jua la upeoni ni alama ya picha iliyobuniwa bila mwanga mmoja. Alama nyingine ni njia ya mng'ao juu ya maji, ambayo daima huanzia chini ya jua na kumjia mtazamaji. Ikionekana mahali pengine, kuna jua la pili ambalo halikuagizwa. Kisha hukaguliwa ukingo wenyewe: ukiwa upande wa kushoto pia, au ukiwa na unene uleule kwenye nguo, ngozi na miti ya dema, basi ni mstari wa kuchorwa na si nuru.

Kusomeka kwa umbo hupimwa kwa njia kali zaidi. Katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kuna amri ya `Colors > Threshold` inayogeuza kila kitu kuwa cheusi au cheupe kulingana na kiwango kinachochaguliwa. Kiwango kikiwekwa kwenye 60 kwa picha ya mvuvi huyu, kinachotakiwa kubaki ni mwili mweusi na dema lake juu ya weupe. Ikiwa kichwa kimeungana na dema, au mikono imepotea, kasoro iko kwenye mkao. Ikiwa wingu nalo limegeuka jeusi na kuumeza mwili, kasoro iko kwenye mandhari, na agizo liombe wingu jepesi zaidi. Kupunguza picha hadi ukubwa wa kijipicha cha simu hutoa jibu linalokaribiana, kwa haraka zaidi.

Marekebisho hufanywa usemi mmoja kwa mara moja. Programu nyingi hutumia namba ya kuanzia, inayoitwa `seed`, ambayo ikishikiliwa ileile hutoa picha inayokaribiana na iliyotangulia. Hapo tu ndipo mtu hujua badiliko la matokeo limeletwa na neno gani. Anayebadilisha maneno matano na namba kwa wakati mmoja anacheza bahati nasibu.

Ipo kasoro moja ambayo hakuna maneno yatakayoiondoa. Matoleo ya awali ya Stable Diffusion, likiwamo la 1.5, hushindwa kutoa picha yenye giza la kweli. Mwaka 2023 watafiti walionyesha sababu. Wakati wa mafunzo, picha ziliharibiwa kwa chembe za bahati nasibu ili programu ijifunze kuzirejesha, lakini uharibifu haukufika mwisho, na wastani wa mwanga wa picha ulibaki ukionekana kidogo hata katika hatua ya mwisho. Programu ilizoea kuutegemea wastani huo. Inapoanza kutengeneza picha mpya kutoka kwenye chembe tupu, wastani wake huwa wa kati, na matokeo hung'ang'ania hapohapo. Mvuvi hutoka kijivu hata agizo likisema weusi mara tano. Kurudia neno ni kupoteza muda. Hutumika toleo jipya zaidi, au picha hutiwa weusi baadaye kwa amri ya `Colors > Levels`, kwa kusogeza kialama cha upande wa giza hadi mwili uzame huku ukingo ukibaki ulivyo.

Dema lenyewe mara nyingi ndilo litakalokaidi. Programu huligeuza kuwa kikapu cha sokoni au tenga la kuku, na maelezo marefu zaidi hayalinyooshi. Hapo mchoro wa mkono hushinda maneno: umbo la mvuvi na dema huchorwa jeusi juu ya kijivu, mstari mweupe hupigwa upande wa kulia, kisha mchoro huo hupewa programu uwe msingi pamoja na agizo lilelile. Katika Stable Diffusion, kiwango cha `denoising strength` cha 0.5 hadi 0.6 huiruhusu programu kuongeza mawimbi, ukungu na nyuzi za nguo bila kuuvunja mstari wa nje. Kikipita 0.75, dema huanza tena kugeuka kikapu.